Keshia mpya: jua kosa limefika wapi kabla hujalirekebisha

Vitufe vya mashine ya mauzo havimsumbui keshia mpya kwa muda mrefu. Kinachomsumbua ni pale anapokosea, kwa sababu kosa lilelile lina dawa tofauti kulingana na limefika wapi. Oda ambayo bado iko kwenye skrini yako hufutwa tu. Iliyokwisha kwenda jikoni hufutwa kwa maelezo. Iliyolipiwa haifutwi kimyakimya, bali inabatilishwa au pesa inarudishwa. Na siku ikishafungwa hesabu zake, hakuna kubatilisha tena, kuna kurudisha pesa peke yake. Makosa mengi ya kaunta huwa madogo, yanakua mtu anapotumia dawa ya hatua moja kwenye hatua nyingine.

Tuanze na oda yenyewe. Kitu cha kwanza kuchagua ni kama mteja anakula hapo au anabeba. Katika biashara nyingi bei, kodi au vifungashio hufuata uchaguzi huo, na ukiubadilisha mwishoni jumla inaweza kubadilika huku mteja ameshatajiwa nyingine. Kisha ingiza bidhaa, ukubwa wake, halafu maelekezo yake, kama vile bila sukari au maziwa ya ziada. Maelekezo yawekwe kwa vitufe vyake. Ukiandika "ongeza maziwa" kwenye sehemu ya maandishi huru, jikoni watalisoma na kulitimiza, lakini mashine haitatoza bei ya ziada wala haitapunguza stoku. Sehemu ya maandishi iachie yale yasiyo na kitufe.

Hapa kuna mtego unaowanasa karibu wote. Mteja anataka kahawa mbili, moja bila sukari. Keshia anaingiza kahawa, anaweka idadi 2, kisha anabonyeza "bila sukari". Maelekezo hushika mstari mzima, kwa hiyo kahawa zote mbili zinakuja bila sukari. Vitu viwili vinavyotofautiana hata kwa jambo dogo ni mistari miwili. Idadi tumia kwa vitu vinavyofanana kabisa. Angalia pia kwamba maelekezo hushika mstari uliochaguliwa wakati huo, ambao kwa kawaida ni wa mwisho. Mteja akikumbuka jambo kuhusu kitu cha kwanza, gusa kwanza mstari wake ndipo ubonyeze.

Kabla ya kutuma, msomee mteja oda kutoka kwenye skrini, usimsomee kutoka kichwani. Ukisoma kutoka kichwani utasoma ulichosikia, na hutajua kama kidole kiligonga mara mbili.

Ukishatuma, karatasi imetoka jikoni au oda imetokea kwenye skrini yao. Kufuta mstari kwako hakumzuii mpishi aliyeanza. Futa kwenye mashine, halafu nenda au piga sauti kuwaambia, kwa mpangilio wowote ule mradi yote mawili yafanyike. Mashine itakuuliza sababu, na hapo wengi hubonyeza chochote kilicho juu ya orodha. Sababu ina kazi yake. Kama kitu hakijatengenezwa, malighafi inabaki kwenye stoku. Kama kimeshatengenezwa na kinamwagwa, lazima kiandikwe kuwa hasara, la sivyo stoku itaonyesha bidhaa ambayo haipo na mwisho wa mwezi mtu wa stoku ndiye atakayehojiwa.

Sasa malipo. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchagua njia ya malipo isiyo sahihi, hasa pale mashine ya kadi haijaunganishwa na mashine ya mauzo na keshia anaandika kiasi mara mbili, huku na huku. Mteja amelipa kwa kadi, wewe umefunga bili kama pesa taslimu. Jumla ya mauzo iko sawa, mteja ana risiti, hakuna anayelalamika. Hesabu ya jioni ndiyo itakayosema. Ukigundua papo hapo, mifumo mingi inaruhusu kufungua tena bili iliyofungwa na kubadilisha njia ya malipo tu, wakati mwingine kwa idhini ya msimamizi. Usirudishe pesa kwenye mashine ili uanze upya. Utaacha mauzo mawili na marejesho moja, na anayekagua atalazimika kukufuata.

Kwa kadi, bili ifungwe baada ya kuona neno la kukubaliwa kwenye mashine ya kadi. Mlio wa mashine au mteja kuondoa kadi yake si uthibitisho, kwani malipo yaliyokataliwa nayo hulia. Ikiwa mtandao umekatika katikati na hujui kama yamepita, usiitoze kadi mara ya pili kabla ya kuangalia orodha ya miamala ya mwisho kwenye mashine hiyohiyo.

Kwa pesa taslimu, noti ya mteja iweke juu ya droo, nje ya visanduku vyake, mpaka chenji iwe mkononi mwake. Akisema alikupa noti kubwa zaidi, noti yenyewe ipo mbele yenu.

Kuna kosa moja la taslimu ambalo watu hulirekebisha bila haja. Bili ni 700, mteja ametoa 1,000, wewe umeandika 10,000. Skrini inasema chenji ni 9,300. Kinachoingia kwenye mauzo ni 700, si kiasi ulichoandika kuwa umepokea. Mpe chenji yake ya 300 na droo itakuwa sawa. Risiti yake tu ndiyo itakayoonekana ya ajabu. Kubatilisha bili nzima kwa ajili ya hilo ni kuongeza kazi na kuongeza alama kwenye ripoti.

Bili inayolipwa nusu kadi nusu taslimu, anza na kadi kwa kiasi kamili, malizia na taslimu. Chenji hutoka kwenye taslimu, kwa hiyo taslimu ikiwa ya mwisho mashine inakokotoa chenji yenyewe. Ukianza na taslimu na mteja akatoa 1,000 kwa sehemu yake ya 700, ukiandika 1,000 mashine inapunguza 1,000 kutoka kwenye bili, na kadi itatozwa pungufu ya 300.

Bili iliyolipwa kwa kadi ikiwa na kosa, uliza kwanza kama mashine ya kadi imeshafunga mafungu ya siku, yaani imeshapeleka miamala ya siku benki. Kama bado, tumia Void, yaani kubatilisha, na muamala hautakamilika, ingawa benki ya mteja inaweza kuendelea kuonyesha pesa imeshikiliwa kwa siku kadhaa. Mwambie hivyo mapema, asije akarudi kesho akidhani umemwongopea. Kama mafungu yameshafungwa, ni Refund, yaani kurudisha pesa, ambayo nayo huchukua siku. Kwa vyovyote, pesa irudi kwenye kadi ileile. Ukimpa taslimu kwa malipo ya kadi, droo inapungua, na hakuna kinachomzuia kuilalamikia benki yake na kurudishiwa mara ya pili.

Zamu ikiisha, tafuta hitilafu kwa mpangilio. Chukua mfano huu. Droo ilianza na 20,000 za chenji. Ripoti ya mashine inasema mauzo ya taslimu ni 184,300 na ya kadi ni 96,500. Droo inapaswa kuwa na 204,300. Umehesabu mara mbili, zipo 201,600. Pungufu ni 2,700.

Usianze kupekua bili. Chapisha kwanza jumla ya mashine ya kadi. Ikisema 99,200, kadi ina ziada ya 2,700, sawasawa na pungufu la droo. Hakuna pesa iliyopotea. Bili ya 2,700, au bili kadhaa zinazofikia hapo, imelipwa kwa kadi ikafungwa kama taslimu. Tafuta kwenye orodha ya mauzo ya taslimu bili ya kiasi hicho, uilinganishe kwa saa na muamala wa kadi, kisha mwombe msimamizi abadilishe njia ya malipo.

Ikiwa kadi ina ziada ya 2,700 lakini droo iko sawa, hadithi ni nyingine. Huenda bili ilikuwa 2,500 na mkono ukaandika 5,200 kwenye mashine ya kadi. Tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9 siku zote, na 2,700 inagawanyika. Sifuri iliyozidi pia: 500 ikiandikwa 5,000, tofauti ni 4,500, ambayo ni 9 mara 500. Hapo mteja ametozwa zaidi na anadai, hata kama hajajua. Kipimo cha 9 ni dokezo tu. Namba moja kati ya kila tisa inagawanyika bila kosa lolote la namna hiyo, kama pungufu la droo hapo juu lilivyogawanyika kwa bahati. Ndiyo maana kulinganisha kadi na droo huja kwanza.

Pungufu likiwa upande mmoja na kadi iko sawa, ligawe kwa mbili. Umemrudishia mteja 1,400 taslimu lakini ukaingiza kama mauzo. Mashine inatarajia 1,400 zaidi, droo ina 1,400 pungufu, jumla umepungukiwa 2,800. Nusu ya pungufu ndicho kiasi cha kutafuta kwenye orodha.

Kisipopatikana chochote, andika pungufu kama lilivyo, pamoja na ulichokagua. Keshia anayejazia kutoka mfukoni, au anayeficha ziada ya leo ili izibe pungufu la kesho, anaharibu kitu pekee kinachoweza kumtetea. Ziada na pungufu vikiandikwa kila siku, kosa la kadi la jana linaonekana likikutana na mwenzake. Vikifutwa, mwenye biashara anabaki na zamu zilizonyooka mno kuaminika, na wakaguzi huanzia kwenye zamu za aina hiyo.

Haya yote yafanyike kabla ya kuchapisha ripoti ya Z, ambayo hufunga siku na kurudisha hesabu kwenye sifuri. Ripoti ya X inaonyesha takwimu zilezile bila kufunga, kwa hiyo ndiyo ya kufanyia ukaguzi. Chapisha X, hesabu droo, linganisha kadi, rekebisha njia za malipo, chapisha X tena uone kama namba zimekaa, ndipo ufunge.