Mtoto ananijibu Kijerumani

"Mwanangu ana miaka 5, tunaishi Hamburg. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kijerumani. Nifanyeje?"

Dada, wangu alikuwa vivyo hivyo. Akiomba maji kwa Kijerumani, usimkaripie. Muulize, "Ya baridi au ya moto?" Jibu umeshamwekea mdomoni. Swali la ndiyo au hapana atalijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Aliyemfungua wangu hasa ni bibi yake wa Tanga, asiyejua Kijerumani. Kila Jumamosi wanapigiana simu ya video, nami natoka chumbani, maana nikibaki nageuzwa mkalimani. Mwanzoni walikuwa wakichekeana tu!

Ila kama hata Kijerumani chake kiko nyuma ya wenzake, mpeleke kwa mtaalamu wa usemi, apime lugha zote mbili. Kiswahili usikiache, si lugha mbili zinazochelewesha usemi.