Tiketi za zamani: kwa nini nakataa roboti ya kufunga zote

*Swali: "Kaka habari. Timu yetu ya watu watatu imerithi repo ina tiketi 340 ziko wazi GitHub, nyingine za 2019. Mwenzetu anataka tuweke roboti ifunge chochote kilichokaa siku 60 bila komenti, tuanze upya. Mimi naona kama tutapoteza vitu vya maana. Nani yuko sahihi?"*

Wewe uko sahihi mdogo wangu, na hiyo roboti naikuta karibu kila timu ninayoingia, kwa hiyo ngoja nianzie hapo hapo.

Kosa ni kudhani kwamba tiketi ikikaa kimya basi tatizo limeisha. Kimya kinakwambia tu hakuna aliyeandika. Kuna mfumo wa duka la jumla niliwahi kufanyia kazi, kulikuwa na tiketi inasema malipo ya simu yanaingia mara mbili, komenti mbili tatu halafu kimya. Roboti ikapita, ikabandika lebo ya `stale`, wiki moja mbele ikafunga. Miezi ikapita hakuna aliyelalamika tukaona poa. Kumbe keshia alikuwa na daftari, kila usiku kabla ya kufunga duka anakaa na meseji za malipo kwenye simu, analinganisha namba za muamala moja moja na zilizojirudia anazikata kwa kalamu nyekundu. Ameshazoea, ataandika komenti ya nini tena? Siku alipoenda likizo ya uzazi, aliyeshika nafasi yake hajui habari za daftari, mwisho wa mwezi hesabu ikagoma, tukaanza kutafuta upya kitu ambacho kilikuwa kimeshaandikwa vizuri kabisa na hatua zake zote.

Na chanzo kilikuwa kidogo tu. Seva yetu ilikuwa inachelewa kujibu, upande wa malipo unadhani hatujapokea unatuma taarifa ile ile tena, sisi tunaandika mstari wa pili kwenye databesi. Dawa ni kuzuia namba moja ya muamala isiingie mara mbili, kazi ya nusu siku pamoja na kusafisha mistari iliyojirudia. Ilisubiri karibu mwaka kwa sababu ya roboti.

Kingine watu hawakijui kuhusu roboti yenyewe, ile `actions/stale` ya GitHub. Ukiiweka bila kugusa mipangilio, inasubiri siku 60, inabandika lebo, inasubiri 7, inafunga, na sababu inayoandika ni `not planned`, yaani "hatuna mpango wa kufanya". Huo ni uongo! Nani alikaa akaamua kwamba malipo kuingia mara mbili hamna mpango nayo? Hakuna. Baadaye ukitafuta `is:closed reason:"not planned"` ili ujue timu ilikataa nini, unapata maamuzi ya kweli machache yamefunikwa na mamia ambayo hakuna binadamu aliyeyasoma. Na ukurasa wa tiketi ukiufungua unakuonyesha zilizo wazi tu, kwa hiyo mtu anayekuja na tatizo lile lile haoni kitu, anafungua nyingine, mnaanza kuulizana maswali yale yale.

Sasa nyie fanyeni hivi. Chukueni 20 za zamani zaidi, watu wawili, saa moja, mara mbili kwa wiki. Zipangeni kwa tarehe ya kufunguliwa, msitumie tarehe ya kuguswa mwisho, maana mtu akiandika hata "hii vipi?" tiketi inaonekana mpya.

```
gh issue list --search "sort:created-asc" --limit 20
```

Kila moja isomwe mpaka chini, halafu mjiulize kitu kimoja, leo hii bado ni kweli? Njia ya kujua ni kujaribu, kubahatisha hapana. Mfano tiketi #87, "risiti inakata herufi za mwisho". Mmoja anachukua printa ile ndogo ya milimita 58, anatoa risiti 10 zenye majina marefu ya bidhaa, anaangalia. Haikati. Basi inafungwa, ila inafungwa na maneno haya:

```
gh issue close 87 --reason completed --comment \
"Nimejaribu toleo 3.4, printa ya 58mm, risiti 10, haikati tena.
Ilirekebishwa na #301. Ikirudi fungua mpya, taja #87,
weka picha ya risiti na aina ya printa."
```

Angalia hiyo komenti ina nini, nimejaribu nini, kwa nini nafunga, na nini kikitokea tutarudi. Mtu wa mwaka kesho hahitaji kuniuliza. Linganisha na ile "tunafunga kwa kukosa shughuli", hiyo haimsaidii mtu yeyote.

Halafu msiandike "unaweza kuifungua tena" kama repo ni ya wazi na aliyeripoti ni mtu wa nje. GitHub haimpi ruhusa ya kufungua tena tiketi iliyofungwa na nyie wenye repo, atatafuta kitufe na hakioni. Mwambieni afungue mpya ataje namba.

Iliyojirudia ifungwe kwa kutaja namba ya ile inayobaki, lakini kabla ya kufunga hamisheni maelezo yake ya maana, mara nyingi ile mbovu ndiyo ina skrinishoti nzuri. Ambayo mmejaribu hamkuipata, semeni mmejaribu wapi na toleo gani, msiseme "haipo".

Ngumu ni zile ambazo hamtazifanya. Hapo maprograma tunakimbia, tunaandika "tutaangalia baadaye" mwaka wa tano sasa, eti hatutaki kumuudhi mteja. Mteja anasubiri kweli! Kama mtu aliomba ripoti zitoke kwa mpangilio wa ofisi yake peke yake, na nyie mko watatu, mwambieni hatutafanya, sababu ni mteja mmoja tu anaihitaji na kila toleo tutalazimika kuipima upya, data unaweza kuitoa kwa CSV ukaipanga mwenyewe. Atakasirika siku moja halafu atatafuta njia nyingine. Ila uamuzi huo usifanywe na programa peke yake, anayeshika bidhaa awepo na komenti iseme nani aliamua.

Kwa kasi hiyo 340 ni kama wiki 9, na katikati mtakutana na chache za hatari kama ile ya malipo, hizo zitoeni kwenye rundo mzifanye wiki hiyo hiyo. Jihadharini na mtu yeyote anayeahidi kuimaliza orodha kwa siku moja, awe meneja mpya au mshauri wa nje na grafu yake inayoshuka vizuri. Grafu inashuka, matatizo yako pale pale kwa wateja, tofauti ni kwamba sasa hamyaoni, na kila aliyeripoti kapata barua pepe inayomwambia hakusikilizwa. Wale ndio waliokuwa wanawaambieni mapema kitu kikiharibika, na wengi wao hawarudi.

Kama mwenzenu keshaiweka roboti na hataki kuitoa, msigombane. Badilisheni mstari mmoja, itaendelea kubandika lebo lakini haitafunga kitu:

```
days-before-close: -1
```

Na kama imeshafunga baadhi, hizo ndizo mziweke kwenye saa yenu ya kwanza.