Asiyecheza asishushwe zaidi ya nafasi tatu

“Wakuu, klabu yetu ina wachezaji 26 na nimepewa kazi ya kuanzisha ngazi ya tenisi. Mtu aruhusiwe kumwita mpinzani aliye nafasi ngapi juu yake? Mechi iwe ya seti ngapi, na mipira anunue nani? Wasiocheza nimepanga kuwashusha nafasi tatu kila wiki mbili. Kuna tatizo?”

Lipo, na liko katika sentensi yako ya mwisho. Ifute kabla hujaibandika kwenye ubao wa klabu, kwa sababu mimi niliibandika, neno kwa neno, na ilinichukua msimu mzima kuibandua.

Sharti hilo nilipewa na bwana mmoja aliyekuwa akiendesha ngazi ya skwoshi, ambaye aliniapia kwamba lingewachangamsha wavivu. Hakunieleza, wala mimi sikuwa na akili ya kumuuliza, kwamba skwoshi huchezwa ndani ya jengo, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi tulikuwa na viwanja viwili vya udongo, na masika yalipoanza vilifungwa siku nyingi kuliko vilivyofunguliwa, huku jedwali langu likiendelea kuwashusha watu kana kwamba ni wao waliomwaga maji uwanjani.

Lakini mvua ilikuwa nusu tu ya hasara. Mchezaji wetu namba moja alisafiri kikazi kwa wiki nane. Nafasi tatu kila wiki mbili ni nafasi kumi na mbili, kwa hiyo aliporudi alijikuta wa kumi na tatu, na watu kumi na wawili walikuwa wamepanda nafasi moja kila mmoja bila kuinua raketi. Kwetu mtu aliweza kumwita aliye nafasi tatu juu yake, akishinda anachukua nafasi hiyo, na waliokuwa kati yao wanasogea chini nafasi moja moja, aliyeshindwa akiwa mmoja wao. Ili arudi alikotoka ilimlazimu ampige wa kumi, kisha wa saba, kisha wa nne, ndipo amfikie wa kwanza. Hizo ni mechi nne, na kila aliyeitwa alikuwa na siku kumi za kucheza, yaani siku arobaini kama kila mmoja angezitumia zote.

Wa kumi alifungwa 6-0, 6-1 na akaniuliza, kwa haki kabisa, kosa lake lilikuwa nini. Wa saba naye yakamkuta yayo hayo. Wa nne hakuwa mjinga: alileta habari za kifundo cha mkono kilichovimba, nami kwa huruma nikamwongezea siku, ingawa kifundo hicho kilipona kila Jumamosi asubuhi wakati wa mechi za wawili wawili. Nafasi zikiwa za uongo, hata waungwana hujifunza kukwepa, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba anayemwita si wa kiwango cha namba aliyoandikiwa.

Kwa hiyo shika hili hata ukiyaacha mengine yote: jumla ya nafasi anazoshushwa mtu kwa kutocheza isizidi umbali anaoruhusiwa kuita. Kama ni tatu juu, basi ni tatu chini, ili akirudi aweze kudai nafasi yake kwa mechi moja. Mimi sasa nasubiri wiki nne za ukimya, kisha nashusha nafasi moja kila wiki mbili, na zikitimia tatu namwondoa kwenye ngazi na kuiandika namba aliyokuwa nayo kabla sijaanza kumshusha. Akirudi namwingiza nafasi tatu chini ya namba hiyo. Siku zisihesabiwe viwanja vinapofungwa, wala kwa mtu aliyemwita mwenzake akazungushwa.

Tena ukishusha, anza na aliye chini kabisa. Mimi nilianzia juu: wa tano na wa sita wote hawakucheza, nikamshusha wa tano chini ya wa sita, kisha nikamshusha huyo wa sita, aliyekuwa sasa wa tano, na wote wawili wakarudi palepale walipokuwa. Ukianza na wa sita, wa saba anayecheza anampita, halafu unapomshusha wa tano anampita na huyo pia. Niliyagundua haya baada ya miezi miwili ya kujisifu kwamba jedwali langu halikosei.

Yule namba moja hakuingoja mechi ya wa nne. Alihamia klabu ya upande wa pili wa mji, na mara ya mwisho tulipokutana alinisalimia vizuri, kisha akaniuliza kama kile kifundo kimeshapona.