Pampu zimelowa kontenani, wakala wa meli anasema nalipwa kwa kilo tu

*"Wakuu, niliagiza pampu za maji za sola, katoni 200, kontena la futi 20. BL, hati ya mzigo ya meli, iliishia Dar, nikalipandisha treni hadi Kigoma. Kufungua hapa Mwanga nakuta katoni 120 zimelowa na mota zimeshaota kutu. Wakala wa meli anasema BL imeandikwa 'kontena 1, inasemekana lina pampu za maji', kwa hiyo nitalipwa kwa kilo tu. Tena anadai maji yaliingia kwenye treni. Kila katoni ni kilo 18, niliinunua dola 140. Nina haki gani?"*

Pole sana mkuu. Nimefanya kazi ya kliaringi Dar miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Kigoma, na madai ya namna hii yamepita mikononi mwangu. Nitaanza na suala la treni, kwa sababu ushahidi wake unapotea haraka, halafu tuje kwenye hela.

Usianike hizo katoni juani, wala usiwape vijana waanze kufuta kutu. Tafuta mkaguzi wa mizigo anayejitegemea, na umwalike wakala wa meli kwa maandishi aje au atume mtu wake. Asipokuja, barua ya mwaliko inabaki kuwa ushahidi wako. Mkaguzi anayejua kazi atakuja na kichupa cha nitreti ya fedha. Niliwahi kusimama pembeni ya mmoja akikata kipande cha katoni iliyolowa, akadondoshea matone mawili matatu, na palepale pakageuka peupe kama maziwa. Hiyo ni chumvi. Kisha akadondoshea katoni kavu ya safu nyingine ya kontena lilelile, isibadilike kitu. Hilo la pili usikubali aliruke, maana maji ya bomba yenye klorini nayo huweza kuleta ukungu kidogo, na wakala ataling'ang'ania hilo. Mvua ya Tabora au Uvinza haina chumvi ya bahari. Majibu yakitoka meupe kwenye katoni zako na kavu zikabaki safi, hadithi ya treni inakosa miguu.

Kontena lenyewe usilirudishe kabla ya kulikagua. Ingia ndani saa sita mchana, wenzako wafunge milango wakiwa wamesimama hapohapo nje, uangalie juu. Tundu likiwepo, mwanga utakuonyesha. Piga picha kingo zake: zikiwa na kutu iliyokomaa, tundu ni la zamani, zikiwa zinang'aa, limetobolewa juzi, na hapo utabidi ukubali kwamba huenda ni wakati wa kupakia treni. Tafuta pia karatasi ya makabidhiano ya kontena iliyotolewa lilipotoka bandarini. Ikiwa imeandika tundu au mbonyeo kwenye paa, basi kontena lilitoka mikononi mwa meli likiwa hivyo.

Barua ya madai iandike leo. Chini ya kanuni za Hague-Visby, za kimataifa za mizigo ya baharini, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa kutaarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu mzigo kukabidhiwa, na kwako kukabidhiwa kulikuwa Dar, kwa sababu BL iliishia Dar. Ni dhahiri umeshachelewa. Usife moyo: kuchelewa hapo hakuui dai. Kunachofanya ni kumpa mbebaji, yaani kampuni ya meli, nafasi ya kusema mzigo ulitoka salama mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, na ndiyo maana nimeanza na ile nitreti.

Sasa hela. Mbebaji wa baharini halipi hasara yote bila kikomo. Mkataba wa Hague wa 1924 uliweka pauni 100 kwa kifurushi au kipimo. Hague-Visby ulikuja 1968, na marekebisho yake ya 1979 yakaweka SDR 666.67 kwa kifurushi, au SDR 2 kwa kila kilo ya mzigo ulioharibika, kiasi kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Miaka ya karibuni moja imekuwa ikicheza kwenye dola 1.3 hadi 1.45. Nitatumia 1.35.

Swali lote linabaki hili: kifurushi ni kipi, kontena au katoni? Kanuni inasema kwamba mzigo ukiwa ndani ya kontena, vifurushi vinavyohesabika ni vile vilivyoorodheshwa kwenye BL kuwa ndivyo vilivyofungwa humo. Kama havikuorodheshwa, kontena zima ni kifurushi kimoja.

Tuchukue namba zako. Katoni 120 kwa kilo 18 ni kilo 2,160. BL yako haitaji katoni, kwa hiyo kifurushi ni kimoja, SDR 666.67. Kwa kilo ni SDR 4,320, na kwa kuwa ndicho kikubwa, ndicho kikomo chako: kama dola 5,800. Hasara yako kwa bei ya kununulia ni dola 16,800. BL ingesema "kontena 1 lenye katoni 200 za pampu", kikomo kingekuwa 120 mara 666.67, yaani SDR 80,000, zaidi ya dola 100,000. Usidhani ungelipwa laki ya dola. Kikomo ni dari tu, na unacholipwa ni hasara halisi, ukitoa utakachopata kwa kuuza zilizolowa. Ila dari ingekuwa juu sana kiasi kwamba hasara yako yote ingepita chini yake.

Kwa hiyo wakala, kwa hili la kilo, hakudanganyi. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Na hata kutaja idadi tu hakutoshi. Australia kulikuwa na kesi ya kampuni ya El Greco, ikaamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2004. BL ilisema kontena lina vipande 200,945 vya mabango na picha. Mwenye mzigo akadhani amejikinga vizuri na namba kubwa namna ile. Mahakama ikasema namba hiyo inaeleza vitu vingapi vimo, haielezi vilifungwaje. Hakuna aliyesafirisha mabango mojamoja. Kontena likawa kifurushi kimoja. Kwa hiyo safari ijayo "pampu 200" isikutoshe. Iandikwe katoni 200.

Maneno "inasemekana lina" yenyewe hayakudhuru upande wa kikomo. Katika kesi ya River Gurara, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kuhesabu vifurushi vya ndani ya makontena ingawa BL zilikuwa na maneno hayohayo, ilimradi mwenye mzigo athibitishe idadi. Yanapokubana ni kwenye uthibitisho. BL safi, yaani isiyotaja kasoro, ya kontena lililofungwa na muuzaji inamaanisha mbebaji aliona kontena zima kwa nje, basi, pampu hakuziona. Itabidi uonyeshe zilipakiwa kavu. Muombe muuzaji picha za upakiaji, orodha ya vifurushi, namba ya sili, na cheti cha ukaguzi wa kiwandani kama kipo. Namba ya sili ilingane na ile uliyoikata hapa Kigoma, la sivyo watasema kontena lilifunguliwa njiani.

Ukishavuka hapo, mzigo wa kujieleza unahamia kwa mbebaji. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema hivyo waziwazi mwaka 2018, katika kesi ya magunia ya kahawa ya Colombia yaliyolowa kwa unyevu wa ndani ya makontena. (Wenzetu wa kahawa ya Kigoma, hiyo kesi inawahusu ninyi.) Mbebaji akishapokea mzigo mzuri na kuutoa mbovu, ni yeye wa kuonyesha kwamba hakuzembea. Kifungu kidogo nyuma ya BL kikisema hawajibiki kwa maji ya aina yoyote, kisikutishe: chini ya kanuni hizi, kifungu kinachomvua mbebaji wajibu wake wa msingi ni batili.

Kuna mlango mwingine wa kuongeza dari. Tanzania ilijiunga na Kanuni za Hamburg mwaka 1979, na zenyewe zinajitaja kuhusu mzigo unaoshushwa kwenye bandari ya nchi mwanachama. Kikomo chake ni SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo. Kwako hiyo ni SDR 5,400, kama dola 7,300. Taarifa ya uharibifu usioonekana ni siku 15, na muda wa kushtaki ni miaka 2. Shida ni kwamba BL nyingi zinachagua sheria ya nchi nyingine na mahakama za mbali, mara nyingi London, na huko hawataanza na Hamburg. Kugombania lipi linashinda ni kazi ya wakili wa mambo ya bahari, na kwa tofauti ya dola 1,500 jiulize kwanza ada yake ni kiasi gani.

Kuvunja kikomo kabisa kunawezekana mbebaji mwenyewe akiwa amekusudia uharibifu, au amefanya uzembe wa kutojali huku akijua kwamba huenda ukatokea. Tundu la kontena halifiki huko. Wasikudanganye wa kijiweni.

Kitu kinachoua dai moja kwa moja ni mwaka. Hague-Visby inatoa mwaka 1 tangu kukabidhiwa mzigo, na ukipita bila kesi kufunguliwa, mbebaji hana deni tena, hata kama barua pepe zake zote zilikuwa za heshima na "tunalishughulikia". Niliona dai la betri, BL ikiwa imetaja katoni vizuri kabisa, likakaribia kufa hivyo. Kilichowaokoa ni barua moja ya kuomba muda uongezwe, ambayo mbebaji aliikubali kwa maandishi kabla mwaka haujaisha. Mbebaji halisi, si wakala. Wakala akisema "nimekubali" bila kusema kwa niaba ya nani, mrudishie aandike upya.

Kama ulikata bima ya mzigo, wapelekee taarifa leoleo pia. Bima haifungwi na kikomo cha kilo. Inalipa kwa mujibu wa sera yako, halafu yenyewe ndiyo itakayomfuata mbebaji kwa haki yako. Ndiyo maana hawapendi ukikubali hela ya wakala kabla hawajajua. Usisaini karatasi yoyote inayosema "malipo ya mwisho" hadi bima wajibu.

Sehemu ya nyuma ya BL, kile kipengele kinachotaja kanuni gani zinatumika na mahakama ya wapi, kipige picha ukibandike hapa, ufiche jina la kampuni. Tukikiona tutajua kama upo kwenye 4,320 au kuna pa kubishania ile 5,400.