Matabaka na klasta: mitaa mingapi unaingia?

"Slaidi zinanichanganya. Matabaka na klasta zote zinagawa mji, sasa tofauti iko wapi?"

Hesabu makundi unayoingia. Tuseme unachagua sampuli ya kaya 300 za kuhoji mjini Kahama. Kwa matabaka unatenga katikati ya mji, mitaa ya zamani na viwanja vipya, kisha unaokota kaya kwa nasibu katika kila tabaka. Kwa klasta unaokota mitaa 15 tu, kila mmoja kaya 20, mingine huikanyagi. Nauli inapungua, ila majirani hufanana: maji yakikatika, yamekatika kwa wote. Ufanano wa kaya za mtaa mmoja ukiwa 0.05, basi 1 + (20 − 1) × 0.05 = 1.95; gawa 300 kwa 1.95, yaani kaya zako 300 zinakupa taarifa kama za kaya 154 za nasibu tupu. Mimi ningechukua mitaa 30, kaya 10 kila mmoja.

— Sisi tuligonga kila nyumba ya kumi, si ndiyo nasibu hiyo?

— Karibu, kama mwanzo uliokotwa kwa nasibu. Lakini nyumba si kaya; ya kupanga ina kaya hata sita. Na vile viwanja vipya vilikuwemo kwenye orodha ya mwenyekiti wa mtaa?

— Mmh, orodha ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.