Lamotrijini na vidonge vya uzazi wa mpango: nilichojifunza baada ya kuanguka tena

Nilikuwa nimemaliza mwaka na miezi bila kifafa, nikimeza lamotrijini miligramu 200 kwa siku. Kisha nikaenda kliniki ya uzazi wa mpango, nikapewa vidonge vya kawaida vya pakiti ya 28. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi sikusema. Wiki ya tatu nilianguka jikoni, sufuria ya uji ikiwa motoni.

Kabla ya hapo, kufika kwenye hizo 200 kulinichukua subira kubwa. Nilianza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, nikapanda hadi 50 kwa wiki mbili nyingine, ndipo daktari akaanza kuongeza kidogo kidogo. Wiki za mwanzo nilikuwa bado naanguka, na mume wangu akashauri nimeze viwili ili dawa ifanye kazi haraka. Nashukuru sikufanya hivyo. Dozi hupandishwa polepole kwa sababu ya ngozi: ukiruka ngazi, hatari ya kupata vipele vibaya inaongezeka.

Dada mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kliniki yeye alikuwa pia anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Valproeti huzuia ini kuisafisha lamotrijini, kwa hiyo aliandikiwa 25 siku moja, siku ya pili anapumzika. Aliponisikia nameza kila siku, akafuata ratiba yangu. Wiki ya tatu alipata homa, midomo ikajaa vidonda, macho yakawa mekundu na kuwasha. Alilazwa, dawa ikasimamishwa, akapona. Wengine hufikia ugonjwa wa Stevens-Johnson, ngozi inatoka malengelenge na kubanduka, na unaweza kuua.

Vipele hivyo mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8. Si kila kipele ni hatari, lakini nyumbani huwezi kutofautisha, kwa hiyo kipele chochote kipya katika kipindi hicho mwoneshe daktari siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu usingoje wekundu. Tazama mabaka meusi zaidi au ya zambarau, na ngozi inayouma ukiigusa. Kisha angalia mdomo, macho na sehemu za siri. Vidonda huko, homa, uso kuvimba au tezi za shingoni kuvimba ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku. Na dawa ikikuishia ukakaa zaidi ya siku tano bila kumeza, usirudi kwenye dozi yako ya zamani. Mpigie daktari, kwa kawaida mtu huanza upya kutoka chini.

Sasa turudi jikoni kwangu. Daktari aliposikia habari ya vidonge aliniambia, "Dada, estrojeni iliyomo humo inaliharakisha ini kuitoa lamotrijini. Kiasi kilichomo kwenye damu kinaweza kushuka hadi nusu." Yaani nilikuwa nameza 200, mwili unabaki na kama 100. Zile siku saba za vidonge vya kahawia vya madini ya chuma, ambavyo havina homoni, dawa hupanda tena. Kwa hiyo kiasi kinapanda na kushuka kila mwezi, na ukiwa umeongezewa dozi, siku hizo unaweza kuona vitu viwili viwili, au kizunguzungu na kuyumba kama mtu aliyelewa.

Alinipa njia mbili: kuongeza dozi, ambayo inaweza kuhitaji kufikia karibu maradufu, au kuacha estrojeni. Nilichagua kijiti, kwa kuwa hakina estrojeni. Sindano na kitanzi cha shaba pia havina. Lakini hii ni kwa sisi wa lamotrijini. Anayetumia kabamazepini au fenitoini mambo yake ni mengine, kwa sababu dawa hizo huudhoofisha uzazi wa mpango wenyewe, kijiti kikiwemo, na lazima aulize upya.

Kama uliongezewa dozi kwa sababu ya vidonge, usiviache kimyakimya. Ukiviacha, lamotrijini inapanda kwenye damu katika wiki moja au zaidi, na dozi iliyokufaa jana inakuwa nyingi. Mwambie daktari kabla hujamaliza pakiti ya mwisho, aipunguze. Ukipata mimba, mwambie mapema vilevile, maana mimba nayo huitoa lamotrijini mwilini kwa kasi, na usiache dawa kwa hiari yako.

Mimi dozi yangu haikuongezwa. Ilibaki 200, na tangu niweke kijiti sijaanguka.