Oda inayoweza kurudi siyo oda

"Wakuu habari. Nina oveni ya gesi, naoka mikate nyumbani hapa Mafiati, Mbeya. Nimeongea na maduka matano, kila moja limesema nipeleke mikate 30 kwa siku, itakayobaki wananirudishia. Je nioke 150 kamili au niongeze kidogo ya akiba isije ikapungua? Pia naomba ushauri wa mashine ya kukandia, na mifuko yenye nembo mnachapishia wapi?"

Mdogo wangu, usioke 150. Hata 100 usioke. Nimesoma hapo kwenye "itakayobaki wananirudishia" nikasikia tumbo linanikata, maana hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi nikayashangilia kama mjinga.

Mimi niko Uyole. Mwaka wa kwanza nilizungukia maduka saba, kuanzia huku kwetu mpaka Mwanjelwa. Kila mwenye duka namkuta anatabasamu: "Dada lete tu, hapa mkate unatoka, lete thelathini." Nikazidisha saba kwa thelathini, nikapata 210, nikanunua ngano kwa viroba. Sikujiuliza kwa nini watu saba wasiofahamiana, wenye maduka ya ukubwa tofauti, wote wanataka idadi ileile. Aliye karibu na stendi anasema 30, na aliye kwenye kichochoro anakouza chumvi na viberiti naye anasema 30.

Jibu ni kwamba ile haikuwa oda. Ni mali kauli. Anauza, ananilipa cha kilichouzwa, kinachobaki nabeba mwenyewe. Sasa mtu ambaye hapotezi kitu mkate ukibaki, kwa nini aseme 12? Rafu ikijaa duka linapendeza. Akisema 30 na zikauzwa 17, anayelia ni mimi niliyeamka saa nane usiku.

Na hapo nilikuwa nimeshatoka kwenye semina ya wajasiriamali, nimelipia kiingilio, na mwalimu mwenye suti akatuambia "rafu tupu ni mteja aliyepotea, siku zote zalisha asilimia ishirini juu ya oda." Tukaandika kwenye daftari, tukapiga makofi. Yule bwana nina hakika hajawahi kurudishiwa mkate hata mmoja maishani mwake. Mteja wa Mbeya akikosa mkate jioni anachemsha viazi au ndizi, analala salama, na kesho anapita dukani palepale. Hajapotea popote.

Ngoja nikupe hesabu yangu, maana nililala nayo miezi mitatu bila kuiona. Mkate mmoja wa gramu 400 ulikuwa unanigharimu shilingi 1,000: unga, sukari, mafuta, hamira, gesi na mfuko. Pango na mshahara wa kijana siviweki humo, maana vinalipwa nioke nisioke. Duka lilinilipa 1,300, kwa hiyo kila mkate uliouzwa uliniachia 300. Uliorudi niliuuza kama mkate wa jana kwa wapika chai kwenye majengo yanayojengwa, 400 tu. Maana yake kila uliorudi ulinitoa 600.

Siku ya kawaida nilipeleka 210, zikauzwa 140 hivi, zikarudi 70. Zidisha mwenyewe. Zilizouzwa zimeniletea 42,000. Zilizorudi zimenipokonya 42,000. Yaani ningelala mpaka saa tatu asubuhi, matokeo yangekuwa yaleyale, na nisingelipa bodaboda. Pango, bodaboda na kijana vikawa vinatoka kwenye kikoba. Zile ambazo hata wapika chai walizikataa zilikwenda kwa nguruwe wa jirani. Nakuambia wale nguruwe walinawiri, kitimoto kilichotoka pale kilikuwa na ladha ya skonzi. Mashine yangu ya kwanza ya kukandia niliiuza kulipa deni la kikoba, kwa hiyo ushauri wa mashine uchukue kwa mwingine.

Kilichonidanganya zaidi ni kwamba pesa nilikuwa naiona. Kila jioni kijana anarudi na laki na themanini na ushee, unaihesabu mezani unajiona tajiri. Kile kiroba cha mikate kilichokaa nyuma ya mlango ndicho sikuwa nakihesabu.

Halafu watu wa huku tunajidanganya na baridi. Mtu anasema Mbeya kuna baridi, mkate utakaa. Ukungu kweli unachelewa, lakini mkate kwenye baridi unakakamaa haraka zaidi kuliko kwenye joto. Mwezi wa saba mkate wa jana ukiubonyeza haurudi, na mteja hubonyeza kabla ya kulipa.

Nilichofanya ni kurudi kwa wale saba na sentensi moja: "Kuanzia Jumatatu nakuuzia kwa 1,250 badala ya 1,300, lakini ukinunua umenunua, sirudishiwi." Yule wa karibu na stendi akasema 22. Wa kichochoroni akakuna kichwa akasema 6. Sita, mdogo wangu! Miezi mitatu nilikuwa nampelekea 30. Wawili wakakataa kabisa. Wale watano waliokubali walifika 71 jumla, na hizo 71 ndizo zilikuwa oda. Zile nyingine zilikuwa heshima za dukani tu.

Kwa waliokubali kununua kabisa huna cha kubahatisha: unaoka idadi waliyosema, basi. Kubahatisha kunabaki kwenye mikate ya mali kauli, kama utaamua kuendelea nayo, na ile ya dirishani kwako. Hapo ndipo unahitaji daftari, na siyo daftari la ulichooka. Mimi nilikuwa naandika "Jumanne nimeoka 210" kisha Jumanne inayofuata naangalia naoka 210 tena. Hiyo ni kujiangalia kwenye kioo. Andika kilichouzwa, na kama kiliisha, andika saa kilipoisha. Kijana akipita jioni aulize: "kiliisha saa ngapi?" Kikiisha saa mbili usiku, idadi hiyo iamini. Kikiisha saa sita mchana, idadi hiyo inakuficha ukweli, wapo waliokuja wakakosa. Iwekee alama, na siku nyingine peleka mikate mitano zaidi kwenye duka hilo pekee uone inafika saa ngapi. Hilo duka pekee, siyo yote.

Jumanne linganisha na Jumanne, Jumamosi na Jumamosi. Ukishakuwa na Jumanne 12, zipange kutoka ndogo kwenda kubwa. Za mikate yangu ya mali kauli wakati fulani zilikuwa hivi: 118, 121, 126, 129, 131, 134, 138, 140, 143, 147, 152, 160. Mtu atakuambia chukua wastani, kama 137. Mwalimu wa suti angekuambia uanzie kwenye 160 uongeze asilimia zake. Mimi nachukua ya nne kutoka chini: 129.

Kwa nini ya nne? Kwa sababu mkate ukipungua nakosa 300, ukibaki napoteza 600. Kubaki kunaniuma mara mbili ya kupungua. Kwa hiyo niko radhi ipungue siku mbili kwa kila siku moja inayobaki. Chukua faida ya mkate, 300, igawe kwa faida na hasara zikijumlishwa, 900, unapata theluthi moja. Theluthi ya Jumanne 12 ni ya nne. Dirishani kwangu nauza 1,500, faida ni 500, hapo nagawa 500 kwa 1,100, inakuja karibu na ya tano, kwa hiyo dirishani naachia kidogo zaidi. Bei zako zikiwa tofauti, piga za kwako, usinakili za kwangu.

Nilivyoanza hivyo, jioni nyingi kijana alinipigia simu: "Dada imeisha, wananilaumu." Moyo unadunda. Mwache alaumiwe. Kuisha mapema kidogo siku nyingi ndiyo dalili kwamba hesabu inafanya kazi. Ukiona kila siku kuna kiroba nyuma ya mlango, au kila siku imeisha kabla ya saa saba mchana, hapo ndipo urekebishe.

129 haiokwi hivihivi, maana unakanda kwa kilo. Kwangu kilo 10 za unga zinatoa mikate 36, donge la gramu 450 kila mmoja. 129 ni kilo 35 na ushee, basi nakanda 35, zinatoka 126. Shusha, usipandishe kwenda 40. Na uamue jioni, maana Juni na Julai huku unga unachelewa kuumuka hata mara mbili ya kawaida. Huwezi kusema nitaangalia saa nne asubuhi kama inauzika niongeze awamu. Mpaka iumuke na kuiva, watu wameshakunywa chai. Nilishajaribu kulazimisha kwa kuongeza hamira, mkate ukanuka pombe.

Shule zikifungwa, usiziingize siku hizo kwenye orodha ileile. Duka langu moja lililo mbele ya shule ya sekondari lilishuka kutoka mikate 20 hadi 7 wiki ya kwanza ya likizo, na mimi nilikuwa naendelea tu kupeleka. Fungua ukurasa wake. Mwisho wa mwezi nao ukurasa wake.

Pia hii ya kuchagua ya nne usiipeleke kwa hoteli au shule inayochukua kila siku kwa mkataba. Kule ukipungukiwa hukosi 300, unakosa mkataba, kwa hiyo kwao toa kamili hata kama utajinyima mwenyewe. Na keki za sherehe ni nusu ya pesa mkononi kwanza, sijali ni shangazi.

Sasa wewe huna Jumanne hata moja. Kama wote watano watang'ang'ania mali kauli, wiki mbili za kwanza kanda kilo 10 tu, hiyo 36 wagawie maduka yote matano saba saba, mmoja unaobaki kula na chai, na uandike saa. Lakini kabla hujawasha hiyo oveni, kesho zunguka kwa hao watano uwaambie unapunguza shilingi 50 na hurudishiwi. Usiwatajie idadi, wataje wao. Kisha rudi hapa utuambie zile 30 zimekuwa ngapi. Mimi ngoja nikafunike donge langu na blanketi, huku Uyole upepo umeanza.